Barua kwa mwanangu: mteja anayeahirisha asubuhi ya siku yenyewe

"Mama, shikamoo. Yule dada anayeagiza chakula cha kikao cha Jumamosi ameahirisha tena asubuhi ileile, na hii ni mara ya tatu. Ni mteja mzuri, hulipa bila usumbufu. Nimwandikieje asikasirike akaniacha?"

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Kabla hujaandika neno lolote, fungua daftari lako la manunuzi uhesabu ni kitu gani hasa kinachopotea anapoahirisha. Sahani 40 kwa shilingi 8,000 ni shilingi 320,000, lakini hasara yako haifiki hapo, kwa kuwa mchele na mafuta hubaki stoo mpaka kazi nyingine. Kinachopotea ni nyama ya shilingi 96,000 unayoitia viungo usiku wa Ijumaa, matunda na mboga za kachumbari za shilingi 24,000, pamoja na ujira wa msaidizi wako, shilingi 20,000, ambaye huwa ameshapanda daladala alfajiri. Jumla ni shilingi 140,000, na hicho ndicho kiasi cha kumwomba atangulize. Usimtajie nusu ya bei kwa mazoea tu, maana akiuliza imetoka wapi hutakuwa na jibu.

Mpaka wa saa nao utoke katika kazi yako. Ikiwa unakwenda buchani Ijumaa saa kumi alasiri, basi akiahirisha kabla ya hapo hajakutia hasara, na ni haki fedha yake ihamie tarehe nyingine yote bila kupungua.

Usimwandikie Jumamosi, ukiwa bado unaitazama ile nyama kwenye beseni. Nilipokuwa nashona, mteja mmoja aliahirisha kuja kupima gauni mara nne, nami usiku uleule nikamwandikia kwamba ananidharau. Alilipa deni lake lote, kisha hakurudi tena, na dada zake wakaondoka naye. Fedha hakuzibishia hata kidogo. Neno "unanidharau" ndilo lililomchoma, nami mpaka leo najuta kuliandika.

Subiri Jumatatu, umpigie kwanza umjulie hali na umuulize kikao huthibitishwa lini na nani. Huenda yeye ni mtumwa wa agizo la mkubwa wake, na habari humfikia usiku sana. Baada ya simu ndipo umtumie maandishi katika namba yake mwenyewe, si sauti wala katika kundi la watu wa ofisini kwake, ili awe na kitu anachoweza kumwonyesha huyo mkubwa. Mimi ningeandika hivi:

"Dada, habari za kazi. Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo na kwa kuendelea kuniamini. Kama nilivyokueleza, nyama na mboga za Jumamosi huzinunua Ijumaa saa kumi alasiri, na oda za tarehe 4, 11 na 25 ziliahirishwa baada ya manunuzi hayo. Hizo zimepita, sikudai kitu. Kuanzia oda ijayo naomba utangulize shilingi 140,000 ifikapo Alhamisi, na zinazobaki ulipe chakula kikifika. Ukiahirisha kabla ya saa kumi ya Ijumaa, fedha hiyo itahamia siku utakayochagua. Baada ya hapo itafidia manunuzi na ujira wa msaidizi. Likitokea la msiba au ugonjwa, tutazungumza. Je, utaratibu huu utakufaa, au tutafute siku ambayo vikao vyenu havibadiliki?"

Tazama kwamba tarehe zimetajwa, lakini "kila mara" na "siku zote" hazimo, kwa sababu maneno hayo humfanya mtu atafute ile siku moja ambayo hakukosea. Hasara za nyuma zimesamehewa waziwazi, kwa kuwa hamkuwa na makubaliano na kuzidai sasa kungegeuza ombi lako kuwa kesi. Swali la mwisho ni la kweli, wala si la adabu tu. Akisema Jumanne inamfaa zaidi, hamisha.

Akikubali kisha akaahirisha tena Ijumaa usiku, ishike fedha bila kumkaripia, umwandikie tu kwamba umepokea taarifa, kwamba ile 140,000 imefidia manunuzi kama mlivyokubaliana, na kwamba unasubiri tarehe mpya. Hapo ndipo wengi hulegea kwa haya wakairudisha, na makubaliano yote yakafutika siku hiyohiyo.

Akikataa kutanguliza fedha, usivunje naye. Mwambie kwamba pilau hutaweza, ila utampelekea chai na sambusa, ambazo unaweza kuzifunga mapema ukazigandisha kwenye friza, na kikao kikiahirishwa zitakaangwa kwa ajili ya mteja mwingine.

Mama yako