Ikisiri ya Maneno 250: Anza na Jedwali, Usuli Utasubiri

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu ukikaribia hapa Upanga, wanafunzi wa uzamili huniletea ikisiri zao nizipitie kabla hazijaenda kwa msimamizi au kwenye jarida. Nyingi zina vichwa vyote vinavyotakiwa: Usuli, Mbinu, Matokeo, Hitimisho. Kasoro huwa iko kwenye mgawanyo wa maneno. Usuli umekula maneno tisini, Mbinu themanini, na ikifika zamu ya Matokeo mwandishi anaanza kubana. Kinachobanwa hapo mara nyingi ni kile ambacho utafiti ulifanywa ili kukijua.

Nichukue kazi ya dada mmoja, muuguzi anayesomea shahada ya pili. Takwimu nimezibadilisha ili asitambulike, ila mambo yalikwenda hivi. Alitaka kujua kama kuwatumia wagonjwa wa presha ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha kliniki kunasaidia. Wagonjwa 240 walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyolingana: wanaopata ujumbe na wasioupata. Kipimo kikuu, kilichoandikwa kwenye pendekezo la utafiti kabla hajaanza, kilikuwa idadi ya watakaokuwa na presha chini ya 140/90 baada ya miezi sita. Mahudhurio ya kliniki yalikuwa kipimo cha nyongeza.

Rasimu yake ya Matokeo ilisema: "Mahudhurio yaliongezeka kwa kiasi kikubwa kwa waliopata ujumbe (p=0.02)." Hitimisho likasema ujumbe wa simu ni njia bora ya kuwahudumia wagonjwa wa presha na utumike nchi nzima. Presha yenyewe haikutajwa popote. Nilipomuuliza akanijibu kwa unyoofu kabisa: "Mwalimu, lile la presha halikutoa tofauti, na maneno yalikuwa yamekwisha."

Hakuna uongo katika sentensi yake ya Matokeo. Lakini daktari wa wilaya anayesoma ikisiri peke yake, na wengi husoma hiyo tu, ataondoka akiamini kwamba ujumbe unashusha presha. Tatizo hili ni la zamani, na majarida makubwa hayakusalimika. Mwaka 1999 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi uliolinganisha ikisiri na makala zake katika majarida sita ya tiba. Ikisiri zenye takwimu zisizolingana na makala, au zisizopatikana kabisa ndani ya makala, zilikuwa kati ya asilimia 18 na 68 kutegemea jarida. Na mwaka 2008 CONSORT, miongozo ya kuripoti majaribio ya tiba, ikaongezewa sehemu mahsusi kwa ikisiri zake. Humo kipimo kikuu na matokeo yake kwa kila kundi ni miongoni mwa mambo ambayo lazima yaonekane.

Kwa hiyo tulifunga rasimu, tukafungua jedwali la matokeo, tukaandika sehemu ya Matokeo kwanza kana kwamba hakuna ukomo wa maneno. Kila kipimo kilipewa idadi ya waliopimwa, idadi ya waliofikia lengo kwa kila kundi, tofauti, na mipaka ya uhakika ya 95%, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo tofauti halisi inaweza kuwemo. Ilitoka hivi:

"Wagonjwa 240 walipangwa, 222 walipimwa mwishoni. Presha ilidhibitiwa kwa 54 kati ya 112 (48.2%) waliopata ujumbe na 49 kati ya 110 (44.5%) wasioupata, tofauti ni pointi 3.7 za asilimia (mipaka ya uhakika ya 95%: −9.4 hadi 16.8). Waliohudhuria miadi yote walikuwa 81 (72.3%) na 63 (57.3%), tofauti ni pointi 15.0 (2.6 hadi 27.5)."

Tazama namba mbili za mwanzo, 240 na 222. Kwenye rasimu ya awali ilikuwepo 240 pekee, na msomaji angepiga asilimia zake kwa 120 kila kundi, apate watu ambao hawapo. Wagonjwa 18 hawakurudi kupimwa, nane kundi moja na kumi lingine. Kulisema hilo kumegharimu maneno matatu tu: "222 walipimwa mwishoni".

Thamani ya p tuliiacha. Ukiwa na nafasi ya kitu kimoja, weka tofauti na mipaka yake, kwa sababu p haikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani. Hapa mipaka ya presha inaanzia chini ya sifuri na kupanda hadi karibu pointi 17. Maana yake utafiti haukuonyesha faida, na pia haukuthibitisha kwamba faida haipo. Hitimisho lazima libebe pande zote mbili, ndipo tukaandika: "Ujumbe wa kukumbusha haukuthibitika kuongeza udhibiti wa presha katika miezi sita, ingawa waliopata ujumbe walihudhuria zaidi. Utafiti mkubwa zaidi unahitajika kujua kama kuna faida ndogo." Ile "nchi nzima" ikaondoka, kwa kuwa hakuna namba hata moja iliyoishikilia.

Sasa maneno ya kulipia haya yalitoka wapi? Kwenye Usuli. Rasimu ilianza na presha duniani, ikaja Afrika, ikatua Tanzania, habari ambayo msomaji wa jarida la tiba anaijua. Tukabakiza hii: "Wagonjwa wengi wa presha huacha kurudi kliniki. Tulichunguza kama ujumbe mfupi wa kukumbusha unaongeza idadi ya wagonjwa ambao presha yao imedhibitiwa baada ya miezi sita." Maneno 25, na lengo limo ndani yake likiwa na kipimo kikuu kilekile kitakachojibiwa kwenye Matokeo. Huu ndio uhusiano ninaoutafuta kwanza ninapopewa ikisiri ya mtu: kidole kimoja kwenye lengo, kingine kwenye sentensi ya kwanza ya matokeo. Vikikutana kwenye vitu viwili tofauti, naijua kasoro kabla ya kusoma kingine.

Kwenye Mbinu, ondoa jina la programu ya kuchakata takwimu na kibali cha maadili kama jarida linavitaka ndani ya makala tu. Usiondoe jinsi watu walivyopangwa, mahali, muda wa kufuatiliwa na kipimo kikuu.

Uhakiki wa mwisho ufanywe kwenye karatasi. Chapisha ikisiri na majedwali, pigia mstari kila namba ya ikisiri, kisha andika kando yake jedwali na safu inakotoka. Ukikosa pa kuandika, namba hiyo ina kasoro. Fanya hivi hasa kama ikisiri ilishatumwa kwenye kongamano kabla data haijasafishwa, maana namba za zamani hujificha vizuri sana. Dada yetu alikutwa na moja: umri wa wastani uliotokana na wagonjwa 240 ukiwa umekaa kando ya matokeo ya 222.

Kuhusu kuhesabu, kompyuta huhesabu kwa nafasi, hivyo "54/112" ni neno moja na "54 kati ya 112" ni manne. Ukizidi kidogo, tumia alama ya mkwaju, inaeleweka. Usigandishe maneno yasiyogandana ili kudanganya mfumo, mhariri huona. Kabla ya kupunguza lolote, soma maelekezo ya jarida ujue kama vichwa vya sehemu vinahesabiwa, kisha bandika ikisiri kwenye fomu yao ya kuwasilishia uone inasoma ngapi, kwa kuwa hesabu yao ndiyo inayokata.