Saa ya Dua Ijumaa: Imamu Akipanda Mimbari, na Jua Likikaribia Kuzama

Ukitazama safu za msikiti wowote Kisumu au Nakuru baada ya swala ya Ijumaa, utaona jambo moja. Imamu akishatoa salamu ndipo mikono inapoinuka, na watu wanaomba kwa bidii. Dua wakati wowote ni kheri. Lakini ikiwa unaitafuta ile saa ya kujibiwa iliyotajwa katika hadithi, kwa kauli mojawapo kati ya mbili zenye nguvu zaidi, saa hiyo imekwisha hapo hapo kwenye salamu. Umekaa ndani yake karibu nusu saa bila kuomba, kisha umeanza kuomba ilipopita.

Asili ya jambo hili ni hadithi ya Abu Hurayra iliyo katika Bukhari na Muslim: siku ya Ijumaa ina saa ambayo mja Mwislamu akiwafikiana nayo, naye amesimama anaswali na kumwomba Allah kitu, hupewa. Mtume (S.A.W.) akaashiria kwa mkono wake kuonyesha udogo wake. Kwa hiyo si saa nzima ya dakika 60. Ni muda mfupi uliofichwa ndani ya muda mrefu. Ibn Hajar alipoishereheshea hadithi hii alikusanya kauli zaidi ya 40 kuhusu ni lini. Za kushika ni mbili. Ya kwanza imo katika Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari: ni baina ya imamu kuketi mpaka swala iishe. Ya pili ni ya Jabir, kwa Abu Daud na Nasai: siku ya Ijumaa ina saa 12, basi itafuteni katika saa ya mwisho baada ya Alasiri. Nawawi aliona ya kwanza ndiyo sahihi. Daraqutni kabla yake alikuwa ameitia dosari, akisema ni maneno ya Abu Burda, mwanawe Abu Musa, si ya Mtume. Ibn al-Qayyim aliipa uzito ya pili. Mimi nashauri mtu azitafute zote mbili, kwa sababu hazigongani na kila moja ina namna yake ya kutumika.

Tuanze na ile ya msikitini. Inaanza imamu anapoketi juu ya mimbari. Hapa huku kwetu watu hukosea hesabu, kwa kuwa misikiti mingi hutanguliza mawaidha ya Kiswahili, shekhe akiwa kwenye kiti au amesimama chini. Mawaidha hayo ni elimu nzuri, lakini si khutba, na ile saa haijaingia bado. Inaingia anapopanda, akawatolea watu salamu, akaketi, na muadhini akaadhini mbele yake. Adhana inayosikika mapema zaidi katika baadhi ya misikiti ni ile iliyoongezwa na Sayyidna Uthman watu walipokuwa wengi Madina. Hiyo nayo si mwanzo.

Ukiingia imamu ameshaketi na adhana inaendelea, usisimame kuingoja iishe. Swali tahiyyatul-masjid rakaa 2 nyepesi wakati huo huo, ili khutba ikianza uwe umekaa. Hata ukikuta khutba imeanza, ziswali nyepesi kabla hujakaa, kama Mtume alivyomwamuru Sulayk al-Ghatafani.

Khutba ikianza, ulimi unafungwa. Hadithi inasema hata ukimwambia mwenzako "nyamaza" huku imamu anahutubu, umefanya upuuzi. Basi mtu huuliza: nitaombaje katika saa hiyo na nimekatazwa kusema? Jibu linapatikana ukiijua khutba ilivyopangwa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo misikiti mingi ya kwetu inayafuata, khutba ina nguzo 5. Kumhimidi Allah, kumswalia Mtume na kuusia ucha Mungu ni lazima katika khutba zote mbili. Kusoma aya ya Qur'ani kunatosha katika moja, na bora iwe ya kwanza. Kuwaombea waumini kuna mahali pake maalumu, nayo ni khutba ya pili. Baina ya khutba mbili imamu huketi kwa utulivu, na sunna ni kiasi cha kusoma Qul huwa-llahu ahad.

Kikao hicho ndicho nafasi yako ya kwanza. Imamu amenyamaza, na wewe unaweza kuomba kwa siri. Pima muda wake: Suratul-Ikhlas kwa kisomo cha kawaida haizidi robo dakika. Anayeanza hapo kufikiria aombe nini atamwona imamu amesimama kabla hajafungua midomo. Kwa hiyo haja yako iwe imeshaamuliwa nyumbani, iwe moja, na iwe na maneno machache. Mama anayeuza mitumba soko la Kibuye na ana deni linalomkosesha usingizi aseme tu, "Ewe Mola wangu, nilipie deni langu kwa halali yako, na unitosheleze na watu." Hayo yanaenea, na salio la sekunde linabaki. Kwa kuwa yuko nje ya swala, Kiswahili kinafaa, na Kiluhya au Kijaluo pia.

Nafasi ya pili ni imamu anapowaombea waumini mwishoni mwa khutba ya pili. Hapo kazi yako ni kusema "Amin" kwa sauti ya chini na moyo uwepo. Wengi hapo ndipo wanapoanza kusogea, kukunja mkeka, kutafuta viatu kwa macho. Sipendi kuliona hilo, kwa sababu dua hiyo ni nguzo ya khutba, na wewe ndiye unayeombewa. Imamu naye asiinue mikono miwili juu ya mimbari: Umara bin Ruwayba alimkemea Bishr bin Marwan kwa hilo, akasema Mtume hakuzidisha zaidi ya kuashiria kwa kidole cha shahada. Mahali ilipothibiti kuinua ni katika kuomba mvua, kama ilivyo katika hadithi ya Anas.

Nafasi ya tatu ni swala yenyewe, nayo ndiyo inayolingana zaidi na maneno "amesimama anaswali". Rakaa 2 zina sijida 4, na kuna tahiyyatu ya mwisho kabla ya salamu. Humo omba kwa Kiarabu kilichopokewa, hasa "Rabbanaa aatinaa fid-dunyaa hasanatan wa fil-aakhirati hasanatan wa qinaa adhaaban-naar", na haja yako uinuie moyoni ndani ya neno "hasanatan". Usitunge dua ya Kiswahili ndani ya swala. Kwa Mashafi inaibatilisha. Imamu akitoa salamu, nafasi hizi za msikitini zimekwisha, nawe unahamia ile ya jioni.

Kabla ya kwenda jioni, neno moja kwa kamati za misikiti. Khutba kwa madhehebu ya Shafi haisihi kabla jua halijapinduka, na Kisumu jua linapinduka kwa kuchelewa kuliko Mombasa, kiasi cha dakika 20. Mwanzoni mwa Novemba ni karibu saa 6 na dakika 25 mchana, katikati ya Februari ni karibu saa 6 na dakika 55. Msikiti uliojipangia khutba saa 6 na dakika 40 mwaka mzima utakuwa sawa Novemba, na Februari utahutubu kabla ya wakati. Kupanga saa 7 kamili kunaondoa shaka miezi yote.

Tofauti hiyo hiyo ya jua ndiyo inayowakosesha watu saa ya jioni. Hadithi ya Jabir imegawa mchana sehemu 12, na sehemu hizo hurefuka na kufupika kadiri ya mchana wa mahali. Sisi tunaokaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta tumerahisishiwa: mchana wetu hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, hivyo sehemu moja ni takriban dakika 60 za saa yako ya mkononi. Saa ya mwisho ni kurudi nyuma dakika 60 kutoka Magharibi. Lakini Magharibi ya wapi?

Chukua Ijumaa ya katikati ya Februari, Kisumu. Jua huzama karibu saa 12 na dakika 58 jioni. Saa ya mwisho basi inaanza dakika 2 kabla ya saa 12. Mtu aliyebandika ukutani ratiba ya Mombasa, ambako siku hiyo jua huzama karibu saa 12 na dakika 42, ataanza mapema, jambo lisilo na dhara, na ataacha robo saa kabla ya mwisho, na hilo ndilo lenye dhara. Akiswali Magharibi kwa ratiba hiyo, ameswali kabla ya wakati, na aliyefunga atafuturu mchana. Mwezi wa 6 tofauti ya machweo ya miji hii miwili inakaribia nusu saa. Nakuru iko katikati: jua lake huzama kama dakika 5 kabla ya Kisumu. Busia ni dakika 2 au 3 baada ya Kisumu.

Wakati huo hakuna swala ya sunna isiyo na sababu, kwa hiyo usiinuke kuswali ili upate "anaswali". Abu Hurayra mwenyewe alimuuliza Abdullah bin Salam itakuwaje saa hiyo na wakati huo hauswaliwi, akajibiwa kwamba anayekaa akingojea swala yuko ndani ya swala. Kaa na udhu, uelekee kibla, msikitini ukiweza, au mwanamke kwenye mkeka wake nyumbani. Anza kwa kumhimidi Allah na kumswalia Mtume, omba msamaha, kisha haja zako, na umalizie kwa kumswalia Mtume. Hapa lugha ni yako na muda upo. Asiyeweza kukaa saa nzima, kwa kuwa anafunga duka au yuko kwenye matatu kutoka Molo, ashike dakika 20 za mwisho na aombe hapo hapo kwenye kiti. Udhu si sharti ya dua.

Kujua mwisho wake kwa macho, Kisumu ni rahisi, jua likishuka upande wa ziwa. Nakuru angalia vizuri: jua hujificha nyuma ya milima ya Mau kabla halijazama kweli, na mwanga huonekana bado juu ya vilele na majengo marefu. Huko si kuzama. Geuka mashariki utazame weusi unaopanda kutoka chini ya mbingu. Kabla weusi huo haujapanda, endelea kuomba.