Spirali isiyompiga aliyesimama

"Kwenye gemu yangu, adui anapiga risasi kwa spirali ya mikono 6, kila mpigo inageuka nyuzi 6. Skrini imejaa risasi, ila mchezaji akisimama tu hapigwi. Nakosea wapi?"

Ndugu, ni hesabu ya pembe. Mikono imeachana nyuzi 60, na 60 inagawanyika kwa 6, hivyo kila baada ya mipigo 10 risasi hurudia njia zilezile. Akijibanza kati ya njia mbili, humpati kamwe.

Geuza nyuzi 7. Mpigo wa 9 unakufikisha 63, yaani njia zimesogea nyuzi 3. Umbali wa pikseli 300 kutoka kwa adui, hizo ni kama pikseli 16. Adui akipiga kila sekunde 0.1, mchezaji ana sekunde 0.9 za kusogea. Risasi jirani za mkono mmoja bado zimeachana pikseli 37 hivi, anapenya. Karibu na adui pengo hufinyana, kwa hiyo jaribu umbali wa 100 pia.