Mkakati wangu ulikariri miaka minne ya chati

Kwa miezi tisa nilitredi kwa pesa halisi mkakati ambao kwenye kompyuta ulikuwa umefaulu vizuri mno. Nilifungua tredi 22. Sita zilishinda, 16 zikala hasara. Sikuvunja sheria zangu hata mara moja, wala sikuongeza ukubwa wa tredi kwa hasira. Kosa lilifanyika kabla sijaweka tredi ya kwanza, na nataka nilieleze kwa undani kwa sababu naona watu wengi wanalifanya kila siku bila kujua.

Wazo lilikuwa la kawaida. Kwenye chati ya saa moja ya EURUSD unachora wastani wa bei wa muda mfupi na wa muda mrefu. Ule mfupi ukiukata ule mrefu kwenda juu, unanunua. Ukiukata kwenda chini, unauza. Lengo la faida ni mara mbili ya stop losi. Hesabu hiyo ni muhimu: ukishinda unapata 2, ukishindwa unapoteza 1, kwa hiyo bila gharama unahitaji kushinda tredi moja katika kila tatu ili usipate wala usipoteze.

Nikachukua data za miaka minne, nikaiambia kompyuta ijaribu thamani 10 za wastani mfupi, 12 za wastani mrefu, 6 za stop losi na vipindi 4 vya siku vya kufungua tredi. Ukizidisha unapata michanganyiko 2,880. Niliipanga kwa faida, nikauchukua wa kwanza: 35 kwa 140, yaani wastani mfupi wa saa 35 na mrefu wa saa 140. Ulikuwa na tredi 141, na 61 zilishinda. Nilipozitazama siku moja moja, nikaona Jumatano ina tredi 23 na ushindi mara 4 tu. Nikaifuta Jumatano. Zikabaki tredi 118, ushindi 57. Faida yote ukiigawa kwa hasara yote, unapata 1.87. Nilifurahi sana siku ile.

Sasa tuihesabu bahati. Chukua mkakati usio na uwezo wowote, unaoshinda mara moja kati ya tatu kwa kubahatisha. Katika tredi 118 utarajie ushindi kama 39, na kupanda au kushuka kwa kama 5 ni jambo la kawaida. Mimi nilikuwa na 57, yaani 18 zaidi. Kama ningekuwa nimejaribu mchanganyiko mmoja tu, matokeo kama hayo yangetokea kwa bahati chini ya mara moja katika majaribio elfu, na ningekuwa na haki ya kuamini. Lakini nilijaribu 2,880, kisha nikakata na siku iliyoharibu. Katika kundi kubwa kiasi hicho, kumpata mmoja mwenye bahati ya namna hiyo ndiyo jambo la kutarajia. Ripoti iliyokuwa mbele yangu haikusema popote kwamba huyo ni mshindi kati ya 2,880. Ilionyesha mkakati mmoja na mstari wa faida unaopanda vizuri.

Hapo ndipo mkakati unapokariri. Bei za nyuma zina vitu viwili vilivyochanganyika: tabia ya soko inayoweza kurudi, na matukio yaliyotokea mara moja yasirudi tena. Kila namba unayoiachia kompyuta iichague ni nafasi ya kuyakumbatia yale matukio. Jumatano yangu ilikuwa hivyo. Sikuwa na sababu yoyote ya kwa nini soko lichukie Jumatano. Nilikuwa nimezifuta tredi 19 za hasara ambazo tayari nilizijua.

Mtu makini ataniambia kwamba michanganyiko 2,880 haijitegemei: wastani wa 30 na wa 35 hufungua tredi nyingi zilezile. Ni kweli, na kwa hiyo hesabu ya bahati kwenye karatasi inakuwa ngumu. Njia niliyokuja kuipenda inaikwepa shida hiyo. Unachukua mabadiliko ya bei ya kila saa, unayachanganya kama karata, kisha unaunda chati mpya kutokana nayo:

```python
import numpy as np
r = np.diff(np.log(bei))
rng = np.random.default_rng()
bandia = bei[0] * np.exp(np.cumsum(rng.permutation(r)))
```

Chati hiyo ya bandia inaishia bei ileile ya mwisho, na ina miruko ileile, ila mpangilio wake umevunjwa. Hakuna mwenendo wa kweli wa kuufuata humo. Halafu unarudia kazi yako yote juu yake: michanganyiko yote, kumchagua bora, mpaka kufuta siku mbovu. Usiupeleke ule mkakati wa mwisho peke yake, kwa sababu unachokipima ni utaratibu wako wa kutafuta.

Nilifanya hivyo mara 20, nikiwa nimeshachelewa. Katika chati 7 kati ya hizo 20, mshindi alipata uwiano unaozidi 1.87 yangu. Yaani utaratibu wangu uliweza kutoa "mkakati bora" kutoka kwenye bei zisizo na kitu.

Ningeweza kuligundua hata bila chati za bandia kama ningewatazama majirani. Mkakati wa 35 kwa 140 ulikuwa mzuri, lakini 30 kwa 140 ulitoa 1.12 na 35 kwa 130 ukatoa 0.97. Tabia ya kweli ya soko haiwezi kujali tofauti ndogo kama hiyo. Siku hizi nikiona namba moja imechomoza peke yake huku zinazoizunguka ziko chini, naiacha. Natafuta eneo pana ambalo namba nyingi zinafanya vizuri kiasi, kisha nachukua ya katikati hata kama siyo ya juu kabisa.

Jaribio la kuchanganya lina mipaka yake. Soko huwa na vipindi vya utulivu na vya misukosuko, na saa fulani za siku zina kelele kuliko nyingine. Ukichanganya saa moja moja unaviharibu hivyo vyote. Mkakati unaotegemea misukosuko unaweza kulipita jaribio kwa sababu hiyo tu. Kwa mikakati yenye masharti ya saa, nachanganya siku nzima nzima badala ya saa.

Kuna pia data unazozitenga usiziguse. Watu wengi huzitenga, lakini mkakati ukifeli humo wanarudi kurekebisha, wanajaribu tena, mpaka ufaulu. Kufikia mara ya tano, data hizo nazo zimeshakaririwa. Mimi nazifungua mara moja kwa kila wazo, na naandika tarehe kwenye daftari. Wazo likifeli humo, linakufa.

Wazo ninalotredi sasa lina namba mbili tu za kuchagua, na nilijaribu michanganyiko 12. Uwiano wake ulikuwa 1.31, na kati ya chati 20 za bandia ni moja tu iliyoupita. Kwenye data nilizozitenga ulishuka hadi 1.14. Naitredi kwa robo ya ukubwa niliozoea, na bado nina tredi chache mno za kusema kama 1.14 hiyo itasimama.