Swichi ikifunguka, mkondo wa koili unaenda wapi?

"Swichi ikifunguka betri imeshakatwa, sasa mkondo wa koili si unakuwa sifuri papo hapo?"

Hapana ndugu, mkondo wa koili hauruki ghafla. Chukua betri ya 12 V, koili ya 0.5 H yenye ukinzani wa 6 Ω, na rezista ya 94 Ω iliyofungwa sambamba nayo. Mambo yakitulia, koili inapitisha 2 A. Swichi ikifunguka tu, bado ni 2 A zile zile, upande ule ule, ila sasa zinazunguka kupitia rezista, na juu yake unapata 188 V! Anayedhani kwamba volteji haiwezi kuzidi ya betri anateleza hapo. Baada ya 5 ms mkondo umebaki kama 0.74 A. Ukiiondoa rezista, mkondo utajitafutia njia kwa cheche kwenye swichi.