Kisanduku kilimtaja bibi mchawi kabla binti hajamaliza kuandika

Nina steshenari ndogo Tabora mjini, yenye kompyuta 3 za kukodisha. Mwaka jana, msimu wa kukausha tumbaku ukiwa umekwisha, aliingia binti wa miaka 17 hivi kutoka Sikonge akimshika mkono bibi yake, ambaye alikuwa amejifunika kanga mpaka karibu na pua. Binti akaomba nusu saa. Kwenye kisanduku cha kutafutia mtandaoni akaandika "macho mekundu kwa b", na kabla hajaendelea, ikashuka mistari minne chini ya maneno yake. Wa pili ulisema: macho mekundu kwa bibi dalili za uchawi.

Akatoa mkono kwenye kibodi. Akamtazama bibi, akanigeukia. "Kaka, hii imeandikwa na daktari?"

Swali lile sijalisahau, kwa sababu wengi tunaisoma mistari ile hivyo hivyo, kana kwamba kuna mjuzi ndani anayejibu. Hakuna. Mashine inabashiri tu utakachomalizia, ikitazama watu waliotangulia waliandika nini, kwa lugha gani, wakiwa wapi. Wakiuliza habari za uchawi mara nyingi kuliko habari za hospitali, uchawi unapanda juu. Anayekuja anauona, anaubofya kwa mshangao au kwa hofu, na kubofya huko nako ni utafutaji mwingine unaohesabiwa. Kwa Kiswahili, tena kwa swali ambalo huulizwa na wachache, haihitaji umati mkubwa kuusukuma mstari wa namna hiyo mpaka juu.

Kwetu Unyamwezini na Usukumani, akina bibi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Bibi huyu alikuwa amechochea moto wa bani la kukaushia tumbaku miaka mingi, na jikoni kwake ni kuni. Nilimwambia binti afute, aandike upya: "ugonjwa wa macho mekundu kope zinachoma". Mapendekezo yakabadilika papo hapo, yakaja ya vikope na ya moshi. Wakaenda hospitali. Ilikuwa vikope kweli. Kope zilikuwa zimegeuka ndani zinakwaruza jicho, akafanyiwa upasuaji mdogo.

Sasa, kwa nini kichujio hakikuuzuia mstari ule? Mitandao ya kutafuta inachuja, hilo ni kweli. Google, kwa mfano, huondoa mapendekezo ya ukatili, ya ngono, ya chuki dhidi ya makundi ya watu, ya mambo ya hatari, na yanayomchafua mtu aliyetajwa kwa jina. Mitambo huchuja kwanza, kisha watu hupitia yaliyoripotiwa. Lakini usome tena mstari wa binti. Hauna tusi. Haumtaji mtu kwa jina. Haujasema wazee ni wachawi, maana hapo ungegusa kundi la watu kwa umri wao. Una dalili ya ugonjwa na neno uchawi, basi. Kwa asiyeijua Tabora ni udadisi wa kawaida, na mtambo uliofunzwa zaidi kwa Kiingereza hauna namna ya kujua kwamba maneno hayo mawili yakikaa pamoja huku yanaweza kumtoa mtu roho.

Ndiyo maana nasema ripoti. Kwenye kompyuta, kwa Google, chini ya orodha ya mapendekezo kuna maandishi madogo ya "Report inappropriate predictions". Kwenye simu, gusa pendekezo lenyewe na ushikilie. Si kelele za bure. Mwaka 2013 mahakama kuu ya rufaa ya Ujerumani iliamua kwamba Google hailazimiki kukagua kila pendekezo mapema, ila ikishaarifiwa kwamba moja linakiuka haki ya mtu, inawajibika kulizuia. Kwa hiyo taarifa yako ndiyo inayoanzisha wajibu, angalau huko.

Kabla ya kuripoti, fungua dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti, uandike tena. Likitoweka, huenda lilitokana na utafutaji wako wa zamani. Likibaki, piga picha ya skrini.

Na usitegemee makubwa mno. Kinachoondolewa ni pendekezo peke yake. Kurasa zenye uongo huo zinabaki, na mtu akiandika sentensi yote mwenyewe atazipata. Pia kisanduku kikinyamaza usidhani jambo ni la uongo au halipo. Huenda neno lako limeangukia kwenye kichujio, hata kama ulikuwa unatafuta msaada.

Nilioripoti mimi ulitoweka baada ya wiki kadhaa. Siku nyingine nikajaribu kuandika "bikizee" badala ya "bibi", nikaukuta umekaa palepale, mstari wa tatu. Nikauripoti nao. Juu ya kila kompyuta yangu nimebandika karatasi yenye maneno ya kuanzia: ugonjwa wa, dalili za, matibabu ya.