Maswali na majibu: Sakafu imejaa, mzigo hauvuki

Miezi mitatu iliyopita tulianza krosidoki, yaani kuvusha mzigo wa wagavi moja kwa moja hadi kwenye magari ya maduka bila kuulaza ghalani. Sasa sakafu imejaa paleti mpaka foklifti zinakosa njia. Tuongeze milango ya kupokelea?

Msiongeze hata mmoja. Mlango mpya utaingiza mzigo kwa kasi zaidi kwenye sakafu ileile iliyokwisha kuziba.

Hesabu yake si ngumu. Paleti zilizo sakafuni ni sawa na paleti zinazoingia kwa saa, mara saa ambazo kila moja inakaa. Mkipokea paleti 40 kwa saa na kila paleti ikatoka baada ya saa moja na nusu, sakafuni zitakuwepo 60. Zikianza kukaa saa 4, zitakuwa 160, ingawa hamjapokea gari la ziada wala mteja mpya. Kama mistari mliyochora sakafuni inachukua paleti 80, mmeshakwama, na mkishakwama ule muda wa kukaa unazidi kurefuka, kwa sababu ili kuifikia paleti moja inabidi kuhamisha tatu zilizoizuia.

Kwa hiyo shughulikieni muda wa kukaa. Kwa wiki moja andikeni saa ambayo kila paleti ilishushwa na saa iliyopakiwa, na msiangalie wastani, kwa maana wastani huficha. Chukueni zile tu zilizozidi saa 4, muulize kila moja ilikuwa inasubiri nini. Majibu yatakuwa machache na yatajirudia: haina lebo, idadi haikulingana, oda haikuonekana kwenye mfumo, au gari la kutoka halijaletwa mlangoni. Sababu tatu za kwanza zilianzia kwa mgavi, kabla mzigo haujafika kwenu.

Mgavi wetu hutuma taarifa ya mzigo kwa barua pepe, wakati mwingine gari likiwa limeshafika getini. Hiyo inatosha?

Haitoshi. Swali hili linanijia karibu kila mara, nami nitalijibu kwa urefu ili lisirudi.

Taarifa ya mzigo inatakiwa iandaliwe baada ya gari kupakiwa na kufungwa, itokane na kile kilichopakiwa kweli, na iingie kwenye mfumo wenu kabla gari halijafika. Kwa mifumo inayozungumza yenyewe ni ujumbe wa `856` au `DESADV`. Kila paleti inabeba lebo yenye namba yake ya `SSCC`, tarakimu 18, na namba hiyohiyo imo ndani ya taarifa pamoja na orodha ya kilicho juu ya paleti. Mpokeaji anaskani mara moja, mfumo unajua ni katoni zipi na zinakwenda maduka gani. Barua pepe yenye jedwali inabidi mtu aiingize kwa mkono, huku dereva anasubiri na saa ya gari la kutoka inakaribia.

Baya kuliko kuchelewa ni taarifa iliyonakiliwa kutoka kwenye oda. Niliwahi kuwa zamu tulipopokea mzigo wa namna hiyo. Oda ilikuwa katoni 480 kwa maduka 24, kila duka 20. Taarifa ikasema 480. Mgavi alikuwa amepungukiwa katoni 24 tangu jana yake, lakini karani wake alituma oda ilivyo. Sisi tukagawa tukiamini: duka la kwanza 20, la pili 20, mpaka la ishirini na mbili. La ishirini na tatu likapata 16. La mwisho halikupata kitu, na tuligundua hivyo magari mengi yakiwa yameshaondoka.

Taarifa ingesema 456 tangu jioni, mfumo ungegawa 19 kwa kila duka na hakuna ambalo lingekosa. Upungufu ulikuwa uleule wa katoni 24. Kwenye ghala la kawaida mtu angezichukua rafuni. Katika kuvusha mzigo hakuna rafu ya kukimbilia, na ndiyo maana karatasi ya uongo huumiza hapa kuliko mahali pengine popote.

Pimeni kila mgavi kwa kulinganisha taarifa yake na hesabu halisi. Yule ambaye mnalazimika kumhesabia kila katoni, mrudisheni kwenye kupokea kwa kawaida na kulaza ghalani mpaka ajirekebishe. Msimwonee haya kwa sababu ni mgavi mkubwa. Makosa ya mkubwa hujaza sakafu haraka zaidi.

Lebo za maduka abandike nani, mgavi au sisi?

Inategemea nani anajua mgawanyo, na mapema kiasi gani. Mkiweza kumpa mgavi oda iliyogawanywa kwa maduka kabla hajapakia, abandike yeye. Kazi yenu itabaki kusogeza paleti au katoni kutoka mlango hadi mlango. Lakini mgawanyo huo unakuwa umegandishwa: duka likiuza kupita matarajio kesho yake, hamtaugeuza. Mkibandika wenyewe mnaamua dakika za mwisho kwa mauzo ya jana, ila mnahitaji watu, meza na nafasi ya kupangia, na kila paleti inakaa muda mrefu zaidi. Bidhaa za promosheni, ambazo mgawanyo wake unajulikana mapema, mwachieni mgavi. Na mtakayempa kazi hiyo mkubaliane pia lebo ikae upande gani wa katoni, maana lebo iliyoelekea ndani ya paleti ni sawa na isiyokuwepo.

Bidhaa zipi tuanze nazo?

Zinazouzwa kila siku kwa kiasi kisichoyumba, zinazotoka kwa katoni nzima, na ambazo zikikosekana siku moja mteja hatawahama. Zinazoharibika upesi pia zinanufaika, maana kila saa isiyopotea ghalani inabaki kuwa uhai wa bidhaa dukani. Acheni zile zinazouzwa vipande 2 kwa wiki na zote zinazohitaji kukaguliwa ubora kwanza. Kitu cha kufunguliwa na kukaguliwa hakivuki, kinasimama.

Tukivusha kila kitu, tunaweza kuliacha ghala kabisa?

Hapana. Vusheni kinachofaa, kingine kilazeni.

Gari la mgavi likichelewa saa 3, tulisubiri au tuyaruhusu magari ya kutoka?

Yaruhusuni. Gari linalokwenda dukani limebeba mizigo ya wagavi wengi, na ukilizuia kwa ajili ya mmoja umewachelewesha wote, pamoja na duka lililopanga watu wa kupokea saa fulani. Wekeni saa ya mwisho ya kuingia na kila mgavi aijue: kama magari yanaondoka saa 8 mchana na mnahitaji saa 2 kushusha, kugawa na kupakia, atakayefika baada ya saa 6 mzigo wake ni wa safari inayofuata.

Na mzigo huo uwe na mahali pa kulala palipotengwa, rafu chache pembeni, uingizwe kwenye mfumo kama akiba, wenye tarehe na oda yake. Ukiachwa sakafuni "kwa muda tu", kesho asubuhi utakuwa umekalia mstari wa mzigo mwingine, na zamu mpya haitajua ni wa nani wala unakwenda wapi.